Mguu wa mama kwenye simu: piga hivi nione kitu

Juzi dada mmoja kanitumia picha ya mguu wa mama yake, umevimba, yale maambukizi ya ngozi tunayoita selulaitisi, kapiga saa tatu usiku na flashi juu. Nilichoona ni mng'ao mweupe kwenye ugoko na kitenge chekundu basi. Ngozi yetu nyeusi ikiwaka haiwi nyekundu kivile, inaenda zambarau au kahawia iliyokolea, au inatanuka tu na kung'aa, sasa flashi ikipiga hapo yote inapotea.

Nikamwambia tuanze upya asubuhi. Mama akae dirishani, jua lisimpige moja kwa moja, mwanga utokee ubavuni maana kivuli ndo kinachoonyesha uvimbe. Chini ya mguu shuka la rangi moja lisilo jekundu, filta za urembo zima. Simu isibandikwe kwenye ngozi, kaa kama sentimita 30 uzumu mara 2, halafu gusa sehemu yenyewe kwenye skrini picha itulie. Moja ya miguu yote miwili nilinganishe, moja ya goti mpaka vidoleni, moja ya karibu yenye rula na karatasi nyeupe pembeni. Rula jamani, sio sarafu, kuna mtu alibadilisha sarafu siku ya pili akaweka kubwa zaidi nikadhani kipele kimesinyaa 😅. Na kwenye WhatsApp tuma kama Document, ukituma kawaida inabanwa.

Kisha akapapasa kwa mgongo wa kiganja, joto linapoishia akachora mstari kwa peni kuzunguka na kuandika tarehe na saa. Kila siku saa ileile, dirisha lilelile, kabla ya kupaka chochote, na mguu uwe umelala juu ya mto nusu saa kwanza, maana mtu akitoka kusimama jikoni uvimbe unazidi wenyewe.

Siku ya pili akafurahi, "dokta umefifia!" Nikaangalia karatasi, nayo imekuwa nyeupe kuliko jana, kumbe ni simu tu imeongeza mwanga. Kwenye mstari, weusi wa ngozi ulikuwa umevuka sentimita 2 upande wa kifundo. Sikubadilisha antibayotiki ambayo mama alikuwa ameanza, kwa sababu siku moja mbili za mwanzo weusi unaweza kusambaa kidogo hata kama dawa inafanya kazi, nikauliza homa, hana, maumivu yanapungua, anakula. Angekuwa anatetemeka kwa homa, au maumivu makali kuliko kinachoonekana, au malengelenge, au ngozi inakuwa nyeusi tii kama imekufa, hapo hakuna cha picha, ni hospitali saa hiyohiyo.

Siku ya tatu weusi ukarudi ndani ya mstari. Nikaomba picha moja ambayo hakuna anayewazaga kupiga, katikati ya vidole vya mguu. Kati ya kidole cha nne na cha mwisho ngozi imelowa, nyeupe, imepasuka. Fangasi. Bakteria walipitia hapo, kwahiyo dawa ya kupaka ya fangasi nayo ikaongezwa.