Kapsheni si mwangwi wa maandishi ya kwenye video

Wiki hii nimeletewa tena video ya chakula, safari hii ya vitumbua, yenye maandishi haya juu ya picha mwanzo hadi mwisho: "Vitumbua laini vya nazi, rahisi sana." Chini yake, kapsheni inaanza: "Vitumbua laini vya nazi, rahisi sana. Jaribu leo." Nikamuuliza dada aliyeileta kwa nini amerudia. Jibu lake nalijua kwa moyo, maana kila mteja wangu huwa nalo: "Kaka, watu wanaangalia bila sauti, lazima tuhakikishe ujumbe umefika."

Ujumbe gani? Mtu aliyezima sauti ameshaona kwamba ni vitumbua. Asichokijua ni yale ambayo dada alikuwa anayasema kwa mdomo wakati akipika: mchele umelowekwa muda gani, mafuta yawe na moto kiasi gani, unga umeumuka au bado. Hayo yote yalikuwa kwenye sauti, na sauti imezimwa. Nafasi mbili za kuandika zimetumika kumwambia mara mbili jambo ambalo macho yake yalimwambia sekunde ya kwanza.

Na kwenye Reels na TikTok kurudia kunaonekana vibaya zaidi, kwa sababu kapsheni haikai ukurasa mwingine. Mwanzo wake umelala juu ya video yenyewe, chini kushoto, kwa hiyo jicho linayaona maandishi yote mawili kwa mpigo. Kwenye Reels unapata mstari mmoja tu kabla haujakatwa na mtazamaji kulazimika kubonyeza ili asome zaidi. Ukiutumia mstari huo kurudia maneno ya juu, umemwambia kwamba huko ndani hakuna kipya, naye hatabonyeza.

Mimi nagawa hivi. Maandishi ya kwenye skrini yabebe kile ambacho kamera haiwezi kukionyesha lakini mtazamaji anakihitaji sekunde hiyohiyo. Kapsheni ibebe kile atakachokihitaji baadaye, akiwa jikoni, au akitaka kujua sababu.

Kamera haioni joto, harufu, muda, sauti wala mguso. Kwenye vitumbua, hayo ndiyo karibu mambo yote. Tuichukue video hiyohiyo, ambayo ina urefu wa chini ya nusu dakika. Tumeanza na kitumbua kilichopasuliwa, karibu sana, matundu yake yanaonekana. Juu yake nimeandika: "Matundu haya yanatoka wapi?" Jina la chakula silitaji hapo, kinajionyesha. Inafuata bakuli ya mchele majini. Awali haikuwa na neno lolote, na mtu angeweza kudhani mchele umeoshwa tu. Sasa inasema: "Umelala majini usiku kucha. Punje ikivunjika kwa kucha, uko tayari." Kwenye kusaga, dada anaonekana akisugua unga kati ya vidole viwili. Anatafuta chenga, lakini bila sauti ni mtu anayechezea unga. Maandishi: "Saga hadi vidole visihisi chenga." Kisha kuna mkato: unga umemiminwa, mara umejaa mapovu. Saa nzima imepotea katikati ya picha mbili, hivyo ni lazima iandikwe: "Saa 1 baadaye."

Sehemu inayoniuma zaidi ni ya mafuta. Kwenye sauti alisema, "Mkisikia mafuta yanavyolia hivi, mimina." Mpishi mzoefu anapima moto kwa sikio, na hapo ndipo video nyingi za mapishi zinapomwacha asiyesikia. Kuandika "mafuta yakilia mimina" hakusaidii, kwa sababu unamrudisha kwenye sauti ileile asiyo nayo. Ilibidi tutafute dalili ya macho iliyo sawa na ile ya sikio. Tulipiga picha upya ya kipande hicho: anadondosha tone la unga, tone linapanda juu likiwa limezungukwa na mapovu. Maandishi: "Tone likipanda juu mara moja, mimina." Kufasiri sauti kuwa dalili inayoonekana ni kazi tofauti na kunakili maneno, na ndiyo kazi yenyewe.

Kapsheni tuliyoandika baada ya hapo ni hii:

"Vitumbua vya nazi: vipimo, na kwa nini vyako vinanywa mafuta. Mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1, sukari nusu kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, hiliki nusu kijiko cha chai. Anza na tui pungufu kidogo, ongeza ukiona kisagio kinakwama. Vikinywa mafuta, ama moto ulikuwa mdogo ama unga ni mwepesi mno. Vikiwa vyeusi nje na vibichi ndani, punguza moto. Unga usipoumuka, iangalie hamira yako kwanza: ikoroge kwenye maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, isipotoa povu ndani ya dakika 10, imekufa."

Hakuna sentensi humo ambayo ungeweza kuijua kwa kutazama video, na hakuna iliyohitaji kukaa juu ya picha. Neno "vitumbua" lipo, na hapo sibishani: jina la kitu litokee kwenye kapsheni hata kama linaonekana, kwa sababu mtu hutafuta kwa jina, na kwa sababu asiyeona anayetumia kisoma-skrini husomewa kapsheni, ila maandishi yaliyochomwa ndani ya video hasomewi. Kurudia neno ni sawa. Kinachokera ni kurudia kazi.

Kuna mtu atasema, "Basi na manukuu nayo ni kurudia." La hasha. Manukuu, yaani maneno ya msemaji yanayopita chini neno kwa neno, ni haki ya kiziwi na hayahusiani na ugomvi huu. Mtu akizungumza kwenye video, manukuu yawepo. Tatizo ni pale manukuu yanapopita huku maandishi mengine makubwa yamekaa juu na kapsheni iko chini, mambo matatu kwenye skrini moja ya simu. Mimi mdomo ukizungumza naweka manukuu peke yake, na maelezo mengine yanasubiri hadi mdomo ufungwe.

Muda wa maandishi kukaa nao unapuuzwa. Maneno yetu ni marefu, neno moja linaweza kubeba mtenda, wakati na mtendwa, hivyo kuhesabu maneno kwa sekunde kama wafanyavyo kwa Kiingereza kunadanganya. Nahesabu herufi. Kwa makadirio yangu, herufi 15 kwa sekunde ndiyo mwisho, tena kama picha iliyo nyuma imetulia. "Tone likipanda juu mara moja, mimina" ni kama herufi 36 ukihesabu na nafasi, yaani sekunde mbili na nusu za kusoma. Lakini jicho hilohilo linatakiwa kulitazama tone. Nikaipa sekunde nne, na nikatokeza maandishi kabla tone halijadondoka, ili asome kwanza, kisha atazame. Mahali pia: kwa matangazo ya Reels, Meta wanashauri kuacha wazi takriban asilimia 14 ya juu na 35 ya chini, kwa sababu huko kunakaa jina la akaunti, kapsheni na vitufe. Kwenye video ya urefu wa pikseli 1920, hiyo ya chini ni pikseli 672. Ni theluthi nzima ya skrini, na ndipo watu wengi wanapopenda kuandika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijalimaliza mwenyewe. Video za mapishi hazikai zilipowekwa. Zinapakuliwa na kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na zikifika huko kapsheni haipo tena. Vipimo vyote tulivyoviandika kwa uangalifu vimebaki nyuma, na shangazi wa Morogoro anapokea video inayomwambia lini amimine lakini haimwambii tui kiasi gani. Kwa kanuni yangu ya kutorudia, nimemnyima. Nikiweka vipimo vyote kwenye skrini, vinapita haraka kiasi kwamba hakuna anayevishika, na aliyeko Instagram anaviona mara mbili.

Suluhu ninayoitumia ni ya nusu. Naangalia ni kipimo gani kikikosewa chakula chote kinaharibika. Kwenye vitumbua ni uwiano wa mchele na tui. Sukari ikizidi au kupungua bado utakula. Kwa hiyo "Mchele vikombe 2, tui kikombe 1" vimewekwa kwenye skrini wakati wa kusaga, na vimeandikwa tena kwenye kapsheni, kwa sababu orodha ya vipimo isiyo na mchele ingekuwa kichekesho. Huko ni kurudia, na nimekukubali kwa sababu kila mahali kunafanya kazi yake: kwenye skrini kunailinda video ikisafiri peke yake, kwenye kapsheni kunaikamilisha orodha. Jina la biashara nalo linakaa kwenye skrini mwishoni kwa sababu hiyohiyo.

Kupima kama mgawanyo umefaulu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na hakuhitaji takwimu. Mpe mtu video bila sauti, kapsheni umeifunika, kisha muulize: utajuaje mafuta yamepata moto? Mpe mwingine kapsheni pekee, muulize: unga usipoumuka utafanyaje? Halafu muulize wa kwanza swali la pili. Akiweza kujibu, kapsheni yako haijaongeza kitu. Takwimu za akaunti naziamini kidogo hapa. Watu wakiihifadhi video kwa wingi, huenda ni kapsheni, huenda ni kwamba mfungo umekaribia na kila mtu anatafuta vitumbua. Ni nadra kupata video mbili zinazofanana kila kitu isipokuwa kapsheni, kwa hiyo anayekuambia ongezeko fulani limetoka hapo tu anakisia.

Ukiipandisha video hiyohiyo kwenye ukurasa wa Facebook, angalia upya mstari wa kwanza. Kwenye mlisho wa huko maneno yako hukaa juu ya video, mtu anayasoma kabla hajaona picha, na swali la "Matundu haya yanatoka wapi?" linakuja baada ya kapsheni. Kwa huko nahakikisha vipimo vinatangulia tangu mstari wa kwanza na sababu zinafuata, ili kapsheni isije ikalijibu swali kabla video haijaliuliza.