Kabla Hujafuta Kigeu kwenye Regresheni ya Kaya

Mwanafunzi akija kwetu na jedwali la regresheni yake ya kwanza, swali analoanza nalo mara nyingi ni hili: "VIF imekuwa kubwa, nitoe kigeu gani?" VIF ni kipimo cha jinsi kigeu huru kimoja kinavyotabirika kwa vigeu huru vingine. Na mara nyingi jibu letu huwa: usitoe hata kimoja, mpaka tujue ukikitoa nini kitatokea kwa vile vitakavyobaki.

Tufuate mfano mmoja mpaka mwisho. Chukulia una data za Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu Tanzania Bara. Unataka kujua mwaka mmoja zaidi wa shule wa mkuu wa kaya unaambatana na ongezeko gani la matumizi kwa kila mwanakaya. Umechukua logi ya matumizi, na umebaki na kaya ambazo mkuu wake ni mume anayeishi na mkewe. Sababu ya kubaki na hizo nitaieleza baadaye. Namba nitakazotaja si matokeo ya utafiti huo. Nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike.

Regresheni ya kwanza ina kigeu huru kimoja tu, miaka ya shule ya mkuu wa kaya, na koefisienti yake inatoka 0.09. Yaani mwaka mmoja zaidi wa shule unaenda na matumizi makubwa kwa takriban asilimia 9. Kisha unaongeza kigeu cha mjini, chenye 1 kwa kaya ya mjini na 0 kwa ya kijijini. Koefisienti ya shule inashuka hadi 0.06, na ya mjini ni 0.40. Ile 0.03 imeenda wapi?

Haikupotea. Waliosoma zaidi huishi mjini zaidi, na mjini matumizi ni makubwa hata kwa ambaye hakusoma. Mji ulipokuwa nje ya modeli, shule ilibeba mzigo wake pamoja na wa mji. Huu ndio upotofu wa kigeu kilichoachwa, na ukubwa wake unakokotolewa kwa kuzidisha tu. Fanya regresheni ya tatu, ya mjini juu ya shule. Tuseme koefisienti yake ni 0.075. Zidisha kwa 0.40 unapata 0.03. Jumlisha na 0.06 unarudi kwenye 0.09 yako. Ukitumia programu ya R, jaribu mwenyewe:

```r
m1 <- lm(log(matumizi) ~ shule, data = kaya)
m2 <- lm(log(matumizi) ~ shule + mjini, data = kaya)
m3 <- lm(mjini ~ shule, data = kaya)
coef(m2)["shule"] + coef(m2)["mjini"] * coef(m3)["shule"]
coef(m1)["shule"]
```

Mistari miwili ya mwisho lazima itoe namba ile ile. Isipotoa, karibu kila mara sababu ni kwamba modeli zako hazikutumia kaya zile zile, kwa kuwa R hudondosha kimyakimya kila kaya yenye pengo kwenye kigeu chochote. Ndiyo maana tumebaki na kaya zenye mume na mke. Tungeanza na kaya zote halafu tukaongeza elimu ya mke, zile zinazoongozwa na wajane na wanawake waliotalikiwa zingetoweka, na mabadiliko ya koefisienti yangekuwa ya watu wengine kabisa. Angalia idadi ya kaya za kila modeli kwa `nobs()` kabla ya kulinganisha chochote.

Katika kuzidisha huko, zingatia jambo moja: ikiwa mojawapo ya namba hizo mbili ni sifuri, upotofu nao ni sifuri. Kigeu kinachoathiri matumizi lakini hakihusiani na shule hakiharibu koefisienti ya shule kikiachwa. Lakini upotofu ukiwepo, wingi wa data hauutibu. Ukiwa na kaya laki moja utaipata ile 0.09 kwa uhakika mkubwa zaidi, na bado itakuwa imebeba mji ndani yake.

Sasa unaongeza miaka ya shule ya mke. Hapa ndipo hofu inapoingia. Waliosoma huoana na waliosoma, kwa hiyo vigeu hivi viwili vinatembea pamoja. Fanya regresheni ya shule ya mume juu ya vigeu huru vingine vyote. Tuseme R mraba yake ni 0.81. VIF ni 1 kugawanya kwa (1 − 0.81), yaani karibu 5.3. Kipeuo chake cha pili ni 2.3, na maana yake ni kwamba kosa sanifu la koefisienti ya mume ni mara 2.3 ya lile ambalo lingekuwepo kama vigeu hivyo visingehusiana. Hiyo ndiyo multikolineariti, na madhara yake ni hayo tu. Haipotoshi koefisienti, inapanua ukungu unaoizunguka.

Jedwali linaonyesha mume 0.032 na mke 0.031, kila mmoja na kosa sanifu la 0.018. Hakuna hata mmoja anayefikia kiwango cha asilimia 5. Mwanafunzi anasoma hapo kwamba elimu haina maana, na hilo ni kosa. Jumla ya koefisienti hizo ni 0.063, na kosa sanifu la jumla hiyo ni chini ya 0.01, kwa sababu makadirio haya mawili yanavutana: moja likipanda, jingine linashuka. Data inajua vizuri kwamba elimu ya wanandoa hawa inaenda na matumizi. Isichoweza kueleza ni kiasi gani ni cha mume na kiasi gani ni cha mke, kwa kuwa kaya ambazo mmoja amesoma na mwenzake hakusoma ni chache. Jaribio la F la vigeu vyote viwili kwa pamoja litakuonyesha hilo.

Basi mfute mke, kama wengi wanavyofanya. Kosa sanifu la mume linapungua zaidi ya nusu, nyota tatu za umuhimu wa kitakwimu zinatokea, na koefisienti yake inaruka hadi 0.06. Ikiwa, kigeu cha mjini kikiwa ndani ya modeli, kila mwaka wa shule wa mume unaambatana na miaka 0.9 ya mke, basi 0.032 jumlisha 0.9 mara 0.031 ni 0.06. Ni hesabu ile ile ya mji. Umeondoa ukungu kwa kumkabidhi mume mchango wa mkewe, na ukiandika kwamba 0.06 ni faida ya elimu ya mume, umeandika jambo ambalo data haikusema.

Kama swali lako si nani kati yao, unganisha: tumia jumla ya miaka yao, au elimu ya juu kabisa ndani ya kaya, na ulieleze hilo waziwazi. Kama swali ni nani, acha wote wawili na uripoti ukungu ulivyo. Na kama VIF kubwa iko kwenye vigeu vya udhibiti tu, mfano umri na umri mraba, iache. Koefisienti ya shule haidhuriki nayo. Hali ya kufuta bila kusita ni pale vigeu vinapojumlishana kikamilifu: ukiweka ukubwa wa kaya, idadi ya watu wazima na idadi ya watoto kwa pamoja, R itakupa `NA` kwa kimoja, na hapo hujapoteza taarifa yoyote.

Usigeuke sasa ukaongeza kila safu iliyomo kwenye faili. Umeme ndani ya nyumba unahusiana na shule na pia na matumizi, lakini mara nyingi kaya huvuta umeme kwa kipato ambacho elimu imesaidia kukipata. Ukiuweka, unaifuta sehemu ya kile ulichokuja kukipima. Kabla ya kuongeza kigeu, jiulize kama kilikuwepo kabla ya mkuu wa kaya kumaliza shule. Elimu ya wazazi wake ilikuwepo. Bati alilonalo juu ya nyumba leo halikuwepo. Hata mjini pana utata, kwa aliyehamia mjini kwa sababu ya masomo.

Bado kuna vitu ambavyo dodoso halikuuliza, kama bidii au ubora wa shule aliyosoma. Hapo angalia kama kila moja ya zile namba mbili tulizozidisha ni chanya au hasi. Ubora wa shule huenda unaongeza matumizi, na huenda unaenda pamoja na miaka mingi zaidi ya masomo. Chanya mara chanya ni chanya, kwa hiyo kwa upande huo makadirio yako yameelekea juu. Mwelekeo huo uandike kwenye aya ile ile unayoripoti koefisienti, msomaji aione namba na upungufu wake pamoja.