Kidude cha kufukuza panya: ule ukimya wa wiki ya kwanza unatoka wapi?

Jirani yangu hapa Tabata, Mama Zuhura, alinunua Kariakoo kidude cheupe cha kuchomeka kwenye soketi, kina taa ya bluu, shilingi elfu kumi na tano. Muuzaji alimwambia kinatoa sauti ambayo mtu haisikii ila panya inamvuruga kichwa mpaka anahama nyumba. Usiku wa kwanza, kimya darini. Wa pili, kimya. Siku ya nne alikuwa ameshawapigia simu wifi zake nao wakanunue. Wiki ya tatu akanigongea mlango ameshika mfuko wa mchele uliotobolewa pembeni, na kidude bado kinawaka taa yake.

Dhana: Hakuna sauti yoyote pale, ni taa tu

Hii ni dhana ya wanaobeza, na nayo si sahihi. Vingi vya vifaa hivi vinatoa sauti kweli, na panya anaisikia kweli. Sikio la binadamu linaishia karibu kilohezi 20. La panya linapanda hadi kama kilohezi 80. Wenyewe wanazungumza huko huko juu. Panya aliyeshtushwa na paka hupiga ukelele wa kilohezi 22 hivi, na vitoto vikitoka kiotani huita mama yao kwa sauti za juu zaidi, zisizofika masikioni mwetu.

Ila hapo ndipo hoja ya muuzaji inapojikwaa. Kwa panya, sauti hizo ni kelele za kila siku. Sauti inayolia usiku kucha bila paka kutokea wala mwenzao kuumia haina habari yoyote. Wanaizoea, kama sisi tunaokaa jirani na barabara ya Mandela tulivyoyazoea malori.

Dhana: Kimoja kinatosha nyumba nzima

Boksi huandika kinafunika mita za mraba mia na kitu. Tufanye hesabu kidogo. Sauti ya kilohezi 40 ina wimbi lenye urefu wa milimita 8 na nusu tu. Wimbi fupi kiasi hicho halipindi kona kama muziki wa harusi mtaani. Linakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Likigonga ukuta linarudi, likigonga godoro, pazia au gunia la nguo linamezwa, na nyuma ya kabati kunabaki kivuli cha ukimya.

Hata penye uwazi linachoka haraka. Kila umbali ukiongezeka maradufu, sauti inapungua desibeli 6. Kifaa chenye desibeli 90 ukiwa mita moja kinakuwa na 84 kwenye mita mbili, 78 kwenye mita nne, 72 kwenye mita nane, na hewa yenyewe inakula nyingine njiani, kwa kilohezi 40 kama desibeli moja kila mita. Sasa kumbuka panya wa Mama Zuhura wanaishi juu ya silingibodi na soketi iko chini, nyuma ya kochi. Kilichokuwa kinapigiwa kelele usiku kucha ni mgongo wa kochi.

Dhana: "Lakini mimi nimeona mwenyewe, walinyamaza"

Hii ndiyo inayouza, na anayeisema hadanganyi. Kweli walinyamaza. Swali ni nini kiliwanyamazisha.

Panya, hasa hawa wakubwa wa darini na wa mitaroni, ana woga mkubwa wa kitu kipya. Sogeza kabati, weka ndoo mahali ambapo haikuwepo, atakwepa njia hiyo siku kadhaa akichunguza. Ukichomeka kidude, umeleta kitu kipya, umevuta kochi, umefagia kona, na pengine usiku huo ndio umekumbuka kufunika chungu cha wali. Yote hayo yanapunguza nyendo za panya hata kidude kikiwa kimekufa.

Tulilijaribu hili. Nilichukua vibao vinne, nikavinyunyizia poda ya mtoto na kuviweka kwenye njia zao: viwili darini, kimoja nyuma ya friji, kimoja stoo. (Mara ya kwanza nilitumia unga wa sembe. Wakaula.) Tuliviacha wiki nzima bila kidude ili wavizoee, mpaka kila asubuhi vyote vinne vikawa na nyayo. Kisha nikaweka kidude pale pale kwenye soketi, swichi ikiwa imezimwa, bila kumwambia Mama Zuhura. Asubuhi ya kwanza kibao kimoja tu kilikuwa na nyayo. Ya pili, kimoja. Siku ya tano tulirudi kwenye vinne. Ndipo nikawasha. Vikabaki vinne, vinne, vitatu, vinne. Nyumba moja si utafiti, lakini asiyefanya jaribio la kuzima hawezi kujua kama ameona kazi ya sauti au woga wa panya.

Tafiti zenyewe zinasimulia hivyo hivyo. Katika vipimo vilivyofanywa tangu miaka ya 1970, ama hakuna kilichobadilika, ama nyendo zilipungua kiasi kwa siku chache halafu zikarudi, hasa palipokuwa na chakula cha kufuata. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwaandikia barua watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivi, ikiwaonya kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi.

Dhana: Kile cha "sumaku" kinapita kwenye nyaya za ukutani

Nyaya za kila nyumba Dar tayari zina umeme wa mkondo geu, hezi 50, pamoja na sumaku yake, mchana na usiku, na panya wanalala juu yake na kuzitafuna. Sina la kuongeza.

Dhana: Basi angalau kitafukuza mbu

Hapana. Mapitio ya Cochrane ya 2007 yalikusanya majaribio 10 ya vifaa vya sauti dhidi ya mbu, na hakuna lililoonyesha mbu wakipungua kutua kwa watu. Aliyeacha chandarua kwa sababu ya taa ya bluu amejiweka kwenye hatari ya malaria.

Kwa Mama Zuhura tulipanda ngazi mchana tukazunguka paa. Chini ya migongo ya mabati upenuni palikuwa na matundu ambayo kidole gumba kinaingia, na kingo zake zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya manyoya. Panya mkubwa anapenya tundu la kama milimita 12, mdogo la milimita 6, hivyo wavu wa kuku haufai; tulitumia wavu mgumu wa matundu madogo na saruji. Tukakata tawi la mwembe lililokuwa linagusa bati.

Waliobaki ndani tuliwategea mitego ya kubana, na hapo ule woga wao tukautumia sisi. Usiku wa kwanza mpaka wa tatu mitego iliwekwa kando ya ukuta, mdomo ukielekea ukutani, ina dagaa, lakini haijategwa. Wakala, wakazoea. Usiku wa nne tukaitega. Tulipata watatu kabla ya adhana ya alfajiri. Kidude sasa kiko chumbani kwa mjukuu wake, anakitumia kama taa ya kulalia.