Kabla na baada ya moto: sifuri ya dNBR iko wapi?

Kwenye picha ya setilaiti yenye rangi za kawaida, eneo lililoungua huonekana jeusi. Tatizo ni kwamba kivuli cha wingu nacho ni cheusi, bwawa ni jeusi, na shamba lililotoka kulimwa likiwa na unyevu ni jeusi pia. Kwa hiyo tunaochora ramani za moto huziacha rangi hizo na kutumia bendi mbili za infraredi.

Bendi ya kwanza ni infraredi ya karibu, NIR. Jani bichi huakisi kwa wingi mwanga wa bendi hii kwa sababu ya mpangilio wa seli zake za ndani, na jani likiteketea uakisi huo hushuka. Ya pili ni infraredi ya mawimbi mafupi, SWIR, hasa eneo la mikromita 2.2. Mwanga huu hunyonywa na maji yaliyomo kwenye majani, hivyo msitu wenye majani mabichi hurudisha kidogo tu. Moto ukishakausha mimea na kuacha udongo wazi, uakisi huo mara nyingi hupanda. Bendi moja inashuka huku nyingine ikipanda, na hiyo ndiyo tofauti tunayoitafuta kwa kielezo cha kuungua, NBR, na mabadiliko yake, dNBR:

```
NBR  = (NIR - SWIR) / (NIR + SWIR)
dNBR = NBR_kabla - NBR_baada
```

Kwa setilaiti za Sentinel-2 mimi hutumia bendi za B8A na B12, zote za mita 20. Wapo wanaochukua B8 kwa kuwa ni ya mita 10, lakini B12 haipati undani zaidi kwa sababu hiyo. Unapata ramani inayoonekana kali kuliko ilivyo. Kwa Landsat 8 na 9 ni bendi ya 5 na ya 7.

Tuchukue pikseli moja ya msitu, kwa tarakimu za mfano. Kabla ya moto NIR ni 0.30 na SWIR ni 0.12, kwa hiyo NBR ni 0.43. Baada ya moto NIR ni 0.12 na SWIR 0.20, na NBR inakuwa −0.25. Tofauti ni 0.68. Ukifungua jedwali la viwango linalotumiwa sana, lile la Key na Benson, chochote kinachozidi 0.66 kimeungua vibaya sana. Wengi huishia hapo, wakapaka nyekundu na kutuma ramani.

Mimi kwanza huangalia pikseli ambazo moto haukuzifikia. Tuseme picha ya kabla ilipigwa mwanzoni mwa kiangazi na ya baada ilipigwa wiki kadhaa baadaye. Msitu uleule, nje ya mpaka wa moto, ulikuwa na 0.30 na 0.12, sasa umekauka kidogo na una 0.26 na 0.16. NBR yake imetoka 0.43 hadi 0.24, yaani dNBR ya 0.19. Hakuna mti hata mmoja ulioungua pale, lakini jedwali, ambalo huanza kuhesabu kuungua kidogo kwenye 0.10, litasema umeungua.

dNBR haipimi moto. Inapima kila kilichobadilika kati ya tarehe mbili: ukame, mvua, mavuno, pembe ya jua, ukungu, na moto ukiwemo. Kuisoma bila kutoa mabadiliko hayo mengine ni kama kupima unga pamoja na sufuria yake. Dawa yake ni rahisi. Chora poligoni chache nje ya eneo lililoungua, kwenye uoto wa aina ileile, pata wastani wa dNBR humo, kisha uutoe kwenye picha nzima. Pikseli yetu inatoka 0.68 na kubaki 0.49, na inashuka kutoka daraja la juu kabisa hadi la kati. Kama kuna msitu na nyasi kwenye picha moja, fanya hesabu hiyo mara mbili, kwa sababu nyasi hukauka haraka kuliko miti. Na kama unaweza kupata picha ya kabla iliyo karibu zaidi na siku ya moto, au ya msimu uleule wa mwaka uliotangulia, marekebisho yenyewe yatakuwa madogo.

Kuna sifuri nyingine inayohama bila hata jani kukauka. Kuanzia tarehe 25 Januari 2022, bidhaa mpya za Sentinel-2 zilianza kuhifadhiwa zikiwa zimeongezewa 1000 kwenye kila thamani. Watu hudhani uwiano hauathiriwi. Ungekuwa hauathiriwi kama kila kitu kingezidishwa kwa namba moja. Kujumlisha ni jambo lingine. Msitu wetu usioungua, ule wa 0.30 na 0.12, kwenye faili ulikuwa 3000 na 1200. Katika muundo mpya ni 4000 na 2200, na NBR inashuka kutoka 0.43 hadi 0.29. Ukilinganisha faili la kabla la muundo wa zamani na la baada la muundo mpya, msitu wote wa aina hiyo usioungua unapata dNBR ya takriban 0.14 bure. Utaitambua hali hii kwa sababu hata misitu iliyo mbali kabisa na moto inaonekana imeungua kidogo. Toa 1000 kabla ya kuhesabu, au kama unafanya kazi ndani ya Earth Engine, tumia mkusanyo ambao tayari umesawazishwa:

```
var nbr = function(p) {
  return p.normalizedDifference(['B8A', 'B12']);
};
// kabla, baada: picha za COPERNICUS/S2_SR_HARMONIZED
var dnbr = nbr(kabla).subtract(nbr(baada));
```

Nyasi nazo zina tabia yake. Nyasi kavu zenye NIR 0.24 na SWIR 0.22 zina NBR ya 0.04 tu kabla ya moto. Zikiteketea zote na kubaki masizi, labda 0.08 na 0.12, NBR inafika −0.20 na dNBR ni 0.24. Kwa jedwali hilo huo ni moto mdogo, ingawa hakuna unyasi uliobaki. Zingatia pia kwamba hapa SWIR imeshuka, haikupanda, kwa sababu masizi meusi yamefunika udongo uliokuwa unang'aa. Viwango vile vilitokana na kazi iliyofanyika kwenye misitu ya magharibi mwa Marekani, na sioni sababu ya kuvihamishia kwenye nyasi. Huko mimi huuliza tu kama pameungua au hapakuungua. Natazama histogramu ya dNBR, natafuta bonde kati ya vilima viwili, na kizingiti nakiweka hapo. Vilima vikiwa vimeungana, mara nyingi picha ya baada imechelewa: upepo umepeperusha masizi au nyasi zimeanza kuchipua. Msituni unaweza kusubiri; kwenye nyasi, chukua picha safi ya kwanza baada ya moto.

Mawingu na vivuli viondolewe kwenye picha zote mbili, na maji pia, kwa kuwa uakisi wake ni mdogo kiasi kwamba mabadiliko kidogo tu huirusha NBR huku na huko. Ila usiamini tabaka la SCL, lile linaloainisha pikseli za Sentinel-2, kwa macho yaliyofumba. Eneo lililoungua huweza kuwekwa kwenye kundi la pikseli za giza au la kivuli, na ukiliondoa, unatoboa matundu katikati ya moto wenyewe. Weka B12, B8A na B4 kama nyekundu, kijani na buluu, kisha pitia matundu hayo kwa macho.

Eneo huja mwisho na halina makuu: pikseli ya mita 20 ni mita za mraba 400, kwa hiyo pikseli 25 ni hekta moja, na pikseli 31,250 ni hekta 1,250. Kabla ya kuiandika namba hiyo, hesabu tena kwa kizingiti kilichopanda kwa 0.05 na kilichoshuka kwa 0.05. Ikitoka kati ya hekta 1,190 na 1,300, mpaka wa moto uko wazi. Ikitoka kati ya 700 na 2,100, rudi kwenye tarehe za picha zako.