Huyo pofu hawindwi: dhana potofu kuhusu picha moja ya Kondoa

Wiki iliyopita nilipokea madarasa matatu ya shule za msingi, na mara zote tatu nilisikia neno lilelile kabla sijafungua mdomo: "Wanamwinda!" Mara ya tatu aliyesema ni mwalimu wao. Basi nimechoka, naandika.

Picha yenyewe inaning'inia kwenye chumba cha pili cha makumbusho tunamofanyia kazi hapa Tanga. Ilipigwa Kondoa, kwenye mmoja wa ile miamba yenye michoro iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Katikati yupo pofu mwekundu (mnyama, si kipofu, na watoto lazima wacheke kwanza). Nyuma yake na chini ya tumbo lake wapo watu wanne wembamba kama njiti za mnazi, wana vichwa vikubwa vya duara, na mmoja ameshika upinde. Kushoto kuna twiga aliyefutika nusu. Juu ya wote kuna mabaka meupe mazito, kama mtu aliyepaka chokaa kwa kidole. Chini ya picha kuna kibao: "Wawindaji na wanyama". Kibao hicho ndicho adui yangu mkubwa, na siruhusiwi kukitoa.

"Picha inaonyesha watu wakimwinda mnyama."

Nina robo saa na kila kundi, na dakika kumi zote zinaishia hapa. Kwanza nafunika kibao kwa karatasi ya manila. Walimu wengine hawapendi, kwa sababu watoto wameshatoa madaftari wanakili. Nawaambia wayarudishe mkobani. Mtoto aliyekwisha kusoma neno "wawindaji" hataona kingine tena hata akae hapo mpaka magharibi.

Kisha nauliza: nani atanionyesha mshale?

Juzi alisimama kijana mmoja wa darasa la tano, mjanja. "Upinde huu hapa, Bibi."

"Upinde nimeuona, mwanangu. Mshale umeelekea wapi?"

Akafuata mstari kwa kidole, bila kugusa kioo. Upinde umeelekea kushoto, na pofu yuko kulia, nyuma ya mgongo wa mwenye upinde. Akafikiri kidogo. "Labda amemkosa."

Darasa zima lilicheka, nami nilicheka. Lakini nikamwomba amtazame na pofu. Hana mshale mwilini, hana jeraha, miguu yake minne imenyooka chini, kichwa kimetulia. Pofu dume anaweza kupita kilo 700, na anayekimbizwa hasimami hivyo. Halafu mtazame twiga: ni mdogo kuliko pofu. Kama huu ni mchoro wa tukio moja, la siku moja, twiga huyo amekuwaje? Hapo watoto wanaanza kunyamaza, na ndipo nawatolea krayoni.

Kila mmoja anachora mstari mwekundu, kisha anaukata kwa mstari wa kahawia. Nawapa lenzi ya kukuzia watazame mistari ilipokutana. Wa juu unapita mzima bila kukatika, na wa chini unapotea hapo kati halafu unatokea upande wa pili. Wanabadilishana karatasi na jirani na kukisia upi ulitangulia. Wakishazoea, nawapa chapa kubwa ya sehemu moja tu ya ile picha, pale mguu wa mbele wa pofu unapokutana na mguu wa mwenye upinde. Mguu wa pofu unapita mzima. Mguu wa mtu umekatika. Maana yake mtu alikuwapo ukutani kwanza, na pofu alichorwa juu yake baadaye.

Baadaye kiasi gani? Hapo ndipo nawakaba walimu. Mistari iliyokatana inakupa mpangilio, haikupi muda. Yawezekana mchoraji alikwenda kunywa maji akarudi, na yawezekana alikuja mwingine ambaye babu wa babu yake hakumjua yule wa kwanza. Pia njia hii ina mipaka yake. Nyekundu juu ya nyekundu hudanganya, hasa rangi ikiwa nyepesi kama chai ya mgeni asiyetakiwa, na jambo lililoonekana kwenye picha lazima likahakikiwe kwenye mwamba wenyewe. Na wale watu watatu waliobaki? Hawamgusi pofu popote, kwa hiyo mistari haituambii lolote juu yao. Watoto huudhika wakisikia hivyo. Nawaacha waudhike.

Sasa, sisemi mawindo hayahusiki kabisa. Michoro hii myembamba myekundu inahusishwa na wahenga wa Wasandawe na Wahadzabe, watu waliojua upinde kuliko mimi ninavyoijua njia ya kwetu. Wazee wa Kisandawe walioulizwa katika karne ya 20 walitaja sababu zaidi ya moja za kuchora: mawindo, ndiyo, lakini pia matambiko, na hata kujifurahisha. Watafiti wengine wanaitazama michoro hii pamoja na ngoma ya simbo ya Wasandawe, ambayo wachezaji wake hupandisha na kuwa kama simba. Mchoro unaweza kuhusu mawindo bila kuwa taarifa ya mawindo. Mama aliyevaa kanga yenye embe hauzi maembe.

Na kama ukuta ungekuwa orodha ya chakula, tungeona mizizi, asali na ubuyu, kwa sababu ndivyo Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wanavyokula sana hata leo, pamoja na nyama. Ukutani vitu hivyo ni nadra. Aliyechora alichagua wanyama wachache, na alikuwa na sababu ya kuwachagua ambayo tumbo peke yake haliielezi.

Ushauri wangu kwa mwalimu yeyote anayeleta watoto ni mmoja, na nimeshausema mpaka sauti imekauka: mtoto ataje anachokiona kabla ya kutaja hadithi. Watu wanne, upinde mmoja, mishale hakuna, pofu amesimama. Daftari baadaye.

"Imechorwa kwa damu."

Hapana. Damu ikikauka hugeuka kahawia, halafu nyeusi, halafu hubanduka. Wekundu huu ni udongo wenye chuma, na chuma hicho kimeshapata kutu. Tazama mabati ya nyumba yoyote inayopigwa na upepo wa bahari hapa mjini. Kutu haipauki kwa jua, kwa sababu imeshafika mwisho wa safari yake. Ndiyo maana nyekundu ya kale imedumu.

"Walichora ndani ya pango lenye giza."

Hii ni ya watoto wa Tanga hasa, kwa sababu wameshapelekwa Amboni. Wakisikia "pango" wanaona popo na tochi. Miamba ya Kondoa si mapango ya namna hiyo. Ni kuta zilizo chini ya jiwe lililochomoza kama ubaraza, na mwanga wa mchana unafika. Mchoraji hakuhitaji mwenge.

"Ina miaka milioni."

Kosa hili nimelitafutia chanzo, na nadhani nimekipata: ni jina la Mary Leakey. Mwaka 1959 aliokota fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, lenye miaka kama milioni 1.75, na kila mtoto wa Tanzania amelisoma. Lakini mama huyohuyo, miaka minane kabla, yaani 1951, alikuwa Kondoa akinakili michoro ya miamba kwa kuipitishia kalamu juu ya karatasi angavu. Watu wameyachanganya mambo mawili kwa sababu ya mtu mmoja.

Michoro ilianza kuchorwa huko angalau miaka 2,000 iliyopita, na mingine yaweza kuwa mizee zaidi. Kuitaja tarehe kwa uhakika ni kazi ngumu, na sababu yake mtoto anaielewa upesi ukimwambia hivi: kipimo cha kaboni kinahitaji kitu kilichowahi kuwa hai, na kutu haijawahi kuwa hai. Mkaa unaochimbuliwa chini ya ukuta unapimika, lakini unakuambia moto uliwashwa lini. Haukuambii aliyeota moto ule ndiye aliyechora.

Yale mabaka meupe ni ya baadaye kuliko nyekundu, na yanahusishwa na wakulima wanaosema lugha za Kibantu. Kwa hiyo picha moja hii ina mikono ya zama mbili, na kibao chetu hakilisemi hilo pia.

"Ukiimwagia maji inaonekana vizuri zaidi."

Hii haitoki kwa watoto. Inatoka kwa watu wazima waliokwenda Kondoa na simu, na wanajisifu mbele yangu. Ni kweli, ukilowesha ukuta rangi inakolea kwa dakika chache. Halafu maji yanakauka, na chumvi iliyokuwa ndani ya jiwe inabaki juu ya uso kama ukungu mweupe, kama ile inayobaki kwenye kaptula ukitoka kuogelea Raskazone. Mgeni wa pili akija anaona hafifu kuliko wa kwanza, naye anamwaga maji zaidi. Unaweza kuukuta ukuta ambao wekundu wake uko nyuma ya utando, na hakuna wa kuufuta bila kuondoka na rangi.

Anayetaka kuona vizuri apige picha kavu, akaifungue kwenye DStretch. Programu hiyo huzitenganisha rangi zinazokaribiana mpaka mstari uliofifia ujitokeze. Ndivyo tulivyompata twiga wetu nusu ya pili, kwenye chapa ndogo niliyoibandika pembeni. Ila rangi za chapa hiyo si za kweli. Nyekundu imekuwa zambarau na jiwe limekuwa la manjano, na kila wiki yupo mtoto anayeniambia watu wa kale walipenda zambarau.

"Wajerumani waliweka alama hizo wafukie dhahabu."

Mjerumani aliikuta michoro hiyo tayari ina uzee wake. Wanaochimba chini ya miamba kutafuta hazina ya vita wanaharibu tabaka za udongo zenye ule mkaa nilioutaja, na shimo likishachimbwa, mkaa wa juu na wa chini umekuwa lundo moja.

Yule kijana wa darasa la tano alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alinyanyua ncha ya karatasi ya manila, akasoma kibao, akaishusha tena. "Bibi," akaniuliza, "aliyeandika hapa aliuona mshale?"