Akaunti ya mpito ikisoma sifuri 31 Desemba, mimi ndio naanza kazi

Nikikagua vitabu vya maduka ya mtandaoni, wahasibu wengi wakiniletea rekonsiliesheni ya malipo wananionyesha kwanza ile sifuri. Akaunti ya mpito imefungwa, benki imelingana, leja imelingana, tuendelee na stoki sasa. Polepole. Hiyo sifuri ndiyo inanitia wasiwasi, na nitaeleza kwa nini, nikitumia hesabu ya duka moja la Nairobi linalouza viatu na mikoba kwa kadi (namba nimezizungusha ili zifuatike kirahisi).

Pesa inatembea hivi. Mteja analipa leo, duka linaandika mauzo kwenye leja leo, lakini hiyo pesa bado iko kwa getiwei, kampuni inayopokea malipo ya kadi kwa niaba ya duka. Getiwei inakusanya malipo ya siku nzima kuwa bunda moja, inakata chake, halafu inatuma benki baada ya siku mbili za kazi. Kwa hiyo katikati lazima kuwe na akaunti ya mpito: mauzo yanaingia kamili upande mmoja, na bunda likifika benki linatoka upande wa pili pamoja na makato yake. Kinachobaki humo siku yoyote ni pesa ambayo getiwei bado inadaiwa, kabla haijakata chake.

Sasa angalia bunda moja. Mauzo ya siku hiyo kwenye leja ni shilingi 300,000. Benki ikapokea 268,000. Mhasibu akaona tofauti ya 32,000, akaiandika yote kama gharama za getiwei, akaunti ikafungwa, kila mtu akaenda nyumbani. Mimi nikauliza tu mkataba unasema makato ni asilimia ngapi. 3. Basi makato yangekuwa 9,000, hizo 23,000 nyingine ni za nani?

Hapo ndipo unaifungua ripoti ya getiwei mstari kwa mstari, sio ile jumla ya juu. Ndani ya bunda kulikuwa na rifandi ya 8,700, mteja alirudisha viatu. Kulikuwa na 11,300 ambazo benki ya mteja ilizivuta kwa sababu mwenye kadi alikana kununua, na juu yake getiwei ikaongeza faini ya 3,000. Ukijumlisha na zile 9,000 inatoka 32,000 barabara. Kwa hiyo benki haikudanganya, getiwei haikudanganya, ila leja imesema uongo mara tatu: mauzo yako juu kwa sababu rifandi haikupunguzwa, kodi ya ongezeko la thamani iko juu (kwenye 8,700 kwa kiwango cha 16% ni 1,200 duka limeilipia bure kwa kukosa kutoa hati ya kupunguza ankara), na ile 11,300 imezikwa kwenye gharama wakati ilikuwa bado inaweza kupingwa kwa ushahidi kwamba mzigo ulipokelewa. Muda wa kupinga ni mfupi, na mtu hawezi kupinga kitu ambacho haoni kwenye vitabu vyake.

Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza ni rahisi sana: nachukua mauzo ya kadi ya kila mwezi, nazidisha na kiwango cha mkataba, nalinganisha na gharama iliyoandikwa. Duka hili miezi mingine gharama ilikuwa inapita 10%. Hakuna mtu aliyekubali kukatwa hivyo, ni makapi ya rekonsiliesheni yamefagiliwa humo.

Turudi mwisho wa mwaka. 31 Desemba 2025 ilikuwa Jumatano, Alhamisi sikukuu, kwa hiyo mauzo ya tarehe 30 yalifika benki Ijumaa tarehe 2 na ya tarehe 31 yakafika Jumatatu tarehe 5. Siku hizo mbili ziliuza 412,000, toa 3%, getiwei ilikuwa inadaiwa 399,640 saa sita usiku ya mwaka mpya. Leja inasema sifuri! Mhasibu alisafisha salio lote kwenye gharama za Desemba, halafu Januari pesa ilipoingia akakosa pa kuiweka akaiita mapato mengine. Faida ya mwaka mmoja imeshuka, ya mwaka unaofuata imepanda, na taarifa za benki za Desemba na Januari ziko sawa kabisa. Mtu akilinganisha benki na leja peke yake hawezi kuliona hilo hata akae wiki, anaona kila shilingi ina mahali.

Halafu kuna mtego wa saa. Ripoti nyingi za getiwei zinatoka kwa saa za UTC, sisi tuko saa tatu mbele. Mteja aliyenunua saa nane usiku tarehe 1 Januari, ripoti inamweka tarehe 31 Desemba saa 23:00. Duka likifanya ofa ya mwaka mpya, hayo masaa matatu yana pesa nyingi. Angalia mwisho wa safu ya muda, ukiona `Z` au `+00:00` basi ongeza masaa matatu kabla hujakata mwaka:

```
=DATEVALUE(LEFT(C2,10))+TIMEVALUE(MID(C2,12,8))+TIME(3,0,0)
```

Kabla ya kulinganisha chochote, hakikisha namba za miamala zimeingia Excel kama maandishi. Excel inashika tarakimu 15 tu, namba ikiwa ndefu zaidi zile za mwisho zinageuka sifuri, na ghafla unaona miamala "pacha" ambayo haipo. Nimeona watu wakibishana mchana mzima juu ya malipo yaliyoingia mara mbili kumbe ni faili limefunguliwa vibaya. Ukishaziweka sawa, jumlisha miamala kwa kila namba ya bunda na uone kama inafikia kilichoingia benki:

```
=SUMIFS(Ripoti!F:F,Ripoti!B:B,A2)
```

F iwe kiasi baada ya makato, na rifandi, pesa zilizovutwa na faini ziwe na alama ya kutoa.

Ulinganishaji wenyewe naufanya pande zote mbili. Kutoka leja kwenda getiwei, natafuta oda zilizoandikwa zimelipwa ambazo getiwei haizijui au inasema zilifeli. Kutoka getiwei kwenda leja, natafuta pesa iliyopokelewa bila mauzo. Ripoti siletewi kwa barua pepe, nakaa kando ya mhasibu aingie kwenye mfumo aipakue nikiona, maana faili la Excel lililolala kwenye kompyuta ya mtu wiki mbili linaweza kupungua mistari na hakuna atakayejua.

Na nikiwa hapo hapo kwenye skrini naomba anifungulie mipangilio ya akaunti ya kupokelea pesa: ni akaunti gani, nani ana ruhusa ya kuibadilisha, mara ya mwisho ilibadilishwa lini. Bunda ambalo getiwei inasema imelilipa na benki ya kampuni halijafika, mara nyingi limechelewa tu kwa sababu ya sikukuu. Likipita siku tano za kazi bado halionekani, omba getiwei namba ya akaunti lilikoenda, na uiombe wewe mwenyewe, usimtume mwenye ruhusa ya kuibadilisha.