Gharama ya valvu moja haijibu swali la oda

Kila ninapoeleza namna ya kukusanya gharama kwa mkondo wa thamani, yaani kwa hatua zote zinazotengeneza kundi moja la bidhaa, mhasibu mmoja huinua mkono na kuuliza tutajuaje kama oda ina faida ikiwa hatuna tena gharama ya kila bidhaa. Swali hilo linachukulia kwamba kadi ya gharama ya kazi, ile inayoorodhesha gharama ya kila bidhaa moja, ilikuwa ikilijibu. Haikuwa ikilijibu hata kidogo, na inanikera kuona kadi hiyo ikiendelea kutumika kufukuza wateja wazuri.

Tuchukue mkondo unaotengeneza valvu za shaba, kuanzia malighafi inapopokelewa hadi bidhaa inapopakiwa kwenye gari. Kwa wiki unatumia malighafi ya 90,000, mishahara ya 30,000, mashine 14,000, matengenezo na ukaguzi wa ubora 10,000, na nafasi ya sakafu 6,000. Jumla ni 150,000. Hakuna anayejaza saa alizotumia kwa kila kazi. Kinachogawanywa ni gharama ya jengo tu, kwa mita za mraba ambazo mkondo unazikalia, na eneo lililo wazi halitozwi mkondo wowote, ili wanaobana nafasi waone gharama yao ikishuka. Wiki hiyo zimesafirishwa valvu 3,000, kwa hiyo wastani ni 50 kwa valvu.

Sasa mteja anataka valvu 400 za ziada kwa bei ya 46. Kadi inasema malighafi ni 30, kazi ya mikono 8, na gharama za jumla za kiwanda, zinazotozwa mara mbili ya kazi ya mikono, ni 16. Jumla ni 54, hasara ni 8 kwa kila valvu, na oda inakataliwa.

Lakini ni gharama gani itakayoongezeka kweli? Kituo kinachobana mkondo huu ni meza ya majaribio, ambayo hutumia dakika 0.6 kwa valvu. Valvu 3,000 zinachukua saa 30 kati ya 36 zilizopo, na oda mpya inahitaji saa 4. Hakuna atakayeajiriwa wala mashine itakayonunuliwa. Kinachoongezeka ni malighafi ya 12,000 na vifungashio maalumu vya 400, ilhali mauzo yanaongezeka kwa 18,400. Faida ya mkondo inapanda kwa 6,000.

Hapa ndipo hata waliokwisha kuiacha kadi hupotea. Wanachukua gharama mpya ya 162,400, wanaigawa kwa valvu 3,400, wanapata takriban 47.8, kisha wanasema bei ya 46 bado iko chini ya gharama. Wameugeuza wastani kuwa kadi nyingine. Wastani huo unafaa kufuatiliwa wiki baada ya wiki ili kuona mkondo unaelekea wapi, mradi mchanganyiko wa bidhaa haubadiliki sana. Haukuwekwa kwa ajili ya kupanga bei wala kukubali oda. Oda hupimwa kwa tofauti ya faida ya mkondo mzima, kabla na baada.

Jibu pia hubadilika bila bei kuguswa. Tuseme valvu za mteja huyu zinahitaji dakika 1.2 kwenye meza ya majaribio. Oda ingetaka saa 8 wakati zimebaki 6, na saa 2 zinazopungua zingeondoa valvu 200 za kawaida, ambazo kila moja huuzwa kwa 58 na kuacha 28 baada ya malighafi. Mkondo ungepoteza 5,600 ili kupata 6,000, na faida ingepanda kwa 400 tu. Kadi ingeonyesha 54 ile ile, kwa sababu haijui meza ya majaribio ina foleni kiasi gani.

Kuhusu ripoti za fedha nitasema kwa ufupi: IAS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bidhaa zilizo ghalani, bado inataka bidhaa zilizo ghalani zibebe sehemu ya gharama za uzalishaji, na hilo hufanywa kwa marekebisho mamoja mwishoni mwa kipindi. Bidhaa ghalani zikiwa nyingi au zikipanda na kushuka, marekebisho huwa makubwa na hesabu ya wiki haiaminiki. Punguzeni kwanza ghala.

Nina mashaka mawili. Oda zote zikikubaliwa kwa kuangalia nyongeza tu, mishahara na mashine hazitalipwa na mtu, na sijui kanuni inayosema ni oda ngapi za namna hiyo zinazotosha. Mimi huangalia faida ya mkondo kwa miezi kadhaa mfululizo. La pili ni tanuru linalotumiwa na mikondo miwili. Mimi huligawa kwa saa za matumizi, na ninafahamu kwamba huo ni mgao ule ule niliotaka kuuondoa, kwa hiyo katika kupima oda naiacha gharama yake nje na kuuliza tu kama tanuru lina nafasi.